Kabla hujaandika "askari wangu" chini ya picha ya gwaride

Maelezo ya picha yalikuwa hivi. Nayanukuu kwa ruhusa ya mama aliyeyaandika, na sharti lake ni kwamba jina lake na la binti yake nisiyaweke:

"Asanteni ndugu na majirani wote. Huyu hapa binti yangu, askari wa Taifa, amehitimu leo Mtabila JKT. Wa tatu kutoka kulia, mstari wa pili. Kaenda na kilo 58, karudi chuma. Anayetaka kuposa aje na ng'ombe kumi na asimame mguu sawa. Mungu amtangulie huko jeshini aendako."

Mama huyu alizaliwa Kasulu akaolewa Kibondo. Binti ni mwanawe wa kwanza, kamaliza kidato cha sita Mei, na jina lake likatoka kwenye orodha ya vijana wa JKT kwa mujibu wa sheria. Wana Kibondo wana Kanembwa karibu, upande wa Kakonko, lakini orodha haiangalii ujirani, na yeye akapangiwa Mtabila, Kasulu, nyumbani kwa bibi yake. Kwa mama hilo lilikuwa na uzito wake. Kwa watu wa umri wake, Mtabila ni jina la kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwaka 2012. Kumwona mwanawe akipiga kwata mahali ambapo yeye akiwa msichana alipita na kapu la muhogo kwenda kuuza, kulimtoa machozi.

Picha ilikwenda kwenye kundi la ukoo la Wasapu, lenye watu zaidi ya mia moja. Pongezi zikamiminika. Usiku wa siku hiyohiyo mama akaniandikia mimi peke yangu: "Mwanangu wewe unayeandika mambo ya afya, hebu angalia hii video. Nimeiangalia mara tisa. Anachechemea au ni macho yangu?"

Kwa hiyo kulikuwa na maelezo mawili ya picha moja, la ukoo na la mama. Wiki hii nayachukua yote mawili, maana msimu wa kufunga mafunzo ndio huu na simu za wazazi wengi zina picha kama hiyo.

Nianze na neno "askari", ambalo halina shida ya afya lakini lina shida ya fedha. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyosimama mwaka 1994 na kurudi mwaka 2013, ni ya miezi mitatu kwa vijana waliomaliza kidato cha sita. Kijana anakula kiapo cha utii, anajifunza kwata, silaha, ukakamavu na kazi za mikono, anapewa cheti, anarudi nyumbani kusubiri chuo. Hajaajiriwa. Hata wale wa kujitolea, ambao hukaa miaka miwili, hawajaajiriwa, na JKT yenyewe hurudia katika matangazo yake kwamba haitoi ajira baada ya mafunzo wala haimtafutii mtu ajira kwenye vyombo vya ulinzi au kwingineko. Ni kweli kwamba matangazo ya nafasi za jeshi mara nyingi humtaka mwombaji awe na cheti cha JKT, na ndiyo maana cheti kile hutunzwa. Lakini anayekitunza bado ni mwombaji.

Sasa weka "askari wa Taifa" pamoja na majina matatu ya binti (aliyaandika yote matatu, mimi nimeyaondoa), jina la kikosi, na maneno "huko jeshini aendako". Umempa tapeli barua nzima, kilichobaki ni yeye kutia sahihi. Siku ya pili mama akapigiwa simu. Mwanamume mwenye sauti nzito, akajiita afande, akataja majina ya binti yote na kikosi chake, akasema amechaguliwa kwenda kozi na kesho asubuhi orodha inafungwa. Zilitakiwa shilingi 350,000 za sare na vipimo. Mama akamuuliza jambo moja tu: "Alikuwa kombania gani?" Yule akajibu, "Kombania ile kubwa, mama." Mama akakata simu. Nimecheka sana, ila najua wazazi ambao wangetuma kabla ya kuuliza, kwa sababu wanachoambiwa ndicho walichokuwa wakikiombea.

Baada ya simu hiyo akafuta, akaandika upya. Toleo la pili nalipenda kuliko la kwanza:

"Huyu ni binti yangu wa kwanza. Amemaliza mafunzo yake ya JKT kwa mujibu wa sheria na amekula kiapo. Alipoondoka alikuwa anaogopa kulala peke yake, juzi kaniambia amelinda lindo usiku. Sasa tunasubiri chuo. Ng'ombe kumi bado ni kumi."

Hakuna majina matatu, hakuna kikosi, hakuna safari ya jeshini ambayo haipo. Bibi kule Kasulu analalamika kwamba Mtabila haikutajwa, lakini bibi alikuwepo uwanjani, anaijua.

Nirudi kwenye video. Kabla sijafika kwenye mguu wa binti, kuna kitu kingine mle ambacho mama hakukiuliza ila watu wa kundi walikiuliza. Mgeni rasmi akiwa kwenye hotuba, msichana wa mstari wa nyuma anayumba mara mbili kisha anaanguka kama mti. Wenzake wawili wa huduma ya kwanza wanambeba kwa machela. Kundini kukaandikwa "mapepo", mwingine akaandika "huyo ana mimba", na shangazi mmoja akaandika kwamba chakula cha huko hakitoshi.

Kuzimia gwarideni ni jambo la majeshi yote duniani, na sababu yake kubwa ni kusimama bila kutikisika. Damu inashuka miguuni kwa uzito wake. Kinachoirudisha juu ni misuli ya miguu, hasa ya ndama, inayoibana mishipa kila unapopiga hatua. Ukisimama mguu sawa kwa dakika arobaini juani, magoti yamekazwa, pampu hiyo inalala. Damu inayorudi moyoni inapungua, presha inashuka, ubongo unakosa damu kwa sekunde chache, na mwili unafanya kitu chenye akili kabisa, unajilaza. Akishalala, damu inafika kichwani bila kupanda mlima, na ndani ya dakika moja au mbili anafungua macho. Aliyeamka saa tisa usiku kupiga pasi kombati na hakunywa maji akiogopa kubanwa na mkojo uwanjani, huyo huanguka mapema zaidi.

Wakufunzi wazoefu huwafundisha vijana wao kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti na kukaza misuli ya ndama na mapaja kisha kuilegeza, bila mtu wa jukwaani kuona. Na yule aliyeanguka alazwe, miguu iinuliwe. Kosa linalofanywa na watu wa huruma ni kumshika na kumsimamisha wima au kumkalisha kwenye kiti, maana hapo wanairudisha damu kule kule ilikokuwa.

Anayezimia akiwa amesimama tuli, baada ya kuona giza na kutoka jasho, kwa kawaida hana la kuogopwa. Ninayemwogopea ni anayeanguka katikati ya mchakamchaka, akiwa anakimbia, bila dalili yoyote ya kumwonya. Huyo apimwe moyo hata kama aliamka akacheka, na hasa kama kwenye ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Haya, mguu.

Nilimwambia mama asimwulize binti "unaumwa?" Atajibu haumwi. Kule kambini anayelalamika maumivu huitwa mtegaji, na neno hilo linauma kuliko mguu. Nilimwambia amkalishe kitandani, amkunjie suruali, kisha kwa kidole kimoja aufuate mfupa wa mbele wa mguu kutoka gotini hadi kwenye kifundo, upande wa ndani, akibonyeza taratibu kila baada ya upana wa kidole.

Kuna maumivu ya aina mbili pale, na kidole hicho husaidia kuyatenganisha. Kama maumivu yametawanyika, yaani sehemu ndefu kama urefu wa kiganja yote inauma kidogo kidogo, na yanapungua mwili ukishapata joto, mara nyingi ni utando wa juu wa mfupa uliokasirika kwa kukimbia sana. Hilo hupoa kwa kupumzika wiki mbili tatu. Lakini kama maumivu yapo sehemu moja ndogo, unaweza kuifunika kwa sarafu, na kidole kikifika hapo mtoto anaruka, na maumivu yanazidi kadiri anavyotembea mpaka sasa yanamfuata kitandani usiku, hapo shuku ufa kwenye mfupa.

Kwa binti wa mama huyu ilikuwa sarafu. Mguu wa kushoto, theluthi ya chini, ndani. Alikuwa na wiki tano nayo. Alikuwa anameza diklofenaki za rafiki yake ili aweze kumaliza gwaride.

Ufa huu haukuletwa na kuanguka. Daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliuandika mwaka 1855, alipoona miguu ya askari wake inavimba na kuuma baada ya miguu ya kwata, miaka arobaini kabla ya eksirei kugunduliwa. Chanzo chake ni jinsi mfupa unavyojijenga. Mfupa ukipewa kazi mpya, hauongezi tofali juu ya ukuta wa zamani. Kwanza unabomoa sehemu iliyochoka, kisha unajenga upya iliyo imara zaidi. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, karibu wiki ya tatu na ya nne tangu mazoezi makali yaanze, ambapo mfupa ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Mtoto aliyekaa miezi kwenye dawati akisomea mtihani wa Mei, Juni akaanza kukimbia alfajiri na kupiga buti chini kutwa, anafika kwenye kipindi hicho akiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Wengi mifupa yao huvuka salama. Wachache haivuki, na kwa wasichana hutokea zaidi kuliko wavulana.

Hapo ndipo kilo zinapoingia. "Kaenda na kilo 58, karudi chuma." Mzani wa zahanati ulisema 51. Wote waliofurahia picha waliona kijana aliyekakamaa, na sehemu fulani ni kweli. Lakini kilo saba kwa miezi mitatu maana yake ni kwamba mwili ulitumia zaidi ya ulichokula, siku baada ya siku, na mwili ukibanwa hivyo huanza kuzima shughuli unazoona zinaweza kusubiri. Uzazi ndio wa kwanza kuzimwa. Nilimwuliza mama kuhusu hedhi ya binti na akanyamaza muda mrefu kwenye simu. Alikuwa ameshagundua kwamba pedi alizomnunulia zimerudi karibu zote, na alikuwa na hofu nyingine kabisa ambayo hakuniambia.

Nikamwambia apime mimba, kipimo kipo kila duka la dawa, ili hofu hiyo itoke mezani. Kikatoka hakuna. Basi kilichobaki ni hicho nilichokieleza: chakula kidogo, kazi nyingi, homoni za kike zimeshuka, hedhi imesimama. Na homoni hizo hizo ndizo zinazozuia mfupa usibomolewe kuliko unavyojengwa. Hedhi iliyokoma na mfupa uliochanika vilikuwa habari moja. Msichana wa mazoezi aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo na hana mimba aende hospitali hata kama haumwi popote, na amwambie daktari kuhusu uzito na mazoezi, maana asipoulizwa daktari anaweza kumwandikia tu vidonge vya kurudisha siku.

Walikwenda kupiga eksirei. Picha ikatoka safi, na shangazi yule wa kundini akatangaza kwamba mguu ni mzima. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za wiki za mwanzo, na mwingine hauonekani hata baadaye. Kinachokuja kuonekana kwanza mara nyingi ni ukungu mweupe wa mfupa mpya unaojengwa kuuziba ufa. Kwa hiyo picha safi pamoja na kidole kinachouma mahali pa sarafu humaanisha pumzika kana kwamba ufa upo, rudia picha baada ya wiki mbili au tatu. Daktari wao alisema hivyo hivyo, na wa pili ukaonyesha ukungu.

Matibabu yake hayana mbwembwe. Hakuna plasta kwa aina hii ya mguu mara nyingi. Ni kuacha kukimbia, kuruka na kubeba mizigo wiki sita hadi nane. Kutembea kule kusikoleta maumivu, na kama hata kutembea kunauma basi magongo kwa wiki za mwanzo. Dawa za kuzima maumivu ziwe chache, kwa sababu maumivu ndiyo kipimo chake cha kila siku. Kwetu huku kuna kishawishi cha kumpeleka kwa mama anayejua kuchua mifupa, pamoja na maji ya moto na mafuta. Namheshimu, amewasaidia wengi mgongo, lakini mfupa wenye ufa haukandamizwi.

Chakula ndicho dawa nyingine, na Kigoma hatuna kisingizio. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni madini ya mfupa yaliyokaushwa juani. Maharage, maziwa yanapopatikana, parachichi, na zaidi ya yote kiasi: ugali wa kushiba mara tatu, na kitu katikati. Binti alikuja na mazoea ya kambini ya kula kwa dakika tano na kunyanyuka. Mama anamrudisha mezani.

Kuna sehemu moja ya kutosubiri hata wiki. Kijana aliyetoka mafunzoni akiumwa ndani ya kinena au mbele ya nyonga, maumivu yakija anapokanyaga, apelekwe hospitali siku hiyo na asitembee kwenda. Ufa wa shingo ya paja unaweza kukatika kabisa, na huo unahitaji upasuaji. Wengi huufikiria kuwa ni msuli.

Mama aliniuliza kama alikosea kumwacha amalize gwaride. Hakujua, na binti alificha. Lakini kwa walio na watoto kambini mwakani, jambo moja linawezekana kabla ya Juni: baada ya mtihani wa Mei mtoto asilale tu. Atembee kwa kasi nusu saa kila siku, kisha aanze kukimbia kidogo siku moja na kupumzika siku inayofuata, akiwa na raba zile zile atakazokwenda nazo, si mpya za siku ya safari. Muda huo unaupa mfupa nafasi ya kuanza kubomoa na kujenga akiwa bado analala nyumbani. Na aambiwe wazi na mzazi wake kwamba maumivu ya sehemu moja yanayozidi kila siku yanaripotiwa zahanati ya kikosi, hata kama wenzake watamwita mtegaji.

Binti sasa yuko wiki ya nne ya mapumziko. Jumapili alitembea hadi kanisani na kurudi bila maumivu, na usiku haukumwamsha. Hedhi bado haijarudi. Inaweza kuchukua miezi baada ya uzito kurudi, na wana tarehe ya kumwona daktari tena kabla chuo hakijafunguliwa. Mzani wa juzi ulisoma kilo 53.